Sindano za kupandikiza mimba nyumbani: ujichome mwenyewe, akuchome mtu wa ndani, au muuguzi?

Kliniki imekupa ratiba, mfuko wa dawa na maelezo ya haraka haraka, sasa uko nyumbani na swali moja: nani atashika sindano? Wengi huchagua kwa hofu tu. Anayeogopa sindano anakimbilia kwa muuguzi, asiyeogopa anajichoma, na mwenye mume jasiri anamwachia mume. Hofu ni sababu ya kweli, lakini kuna mambo mengine yanayofaa kupimwa kabla dawa hazijafunguliwa.

Kwanza tuelewane kuhusu ratiba yenyewe. Katika mpango unaotumika sana siku hizi, kuanzia siku ya pili au ya tatu ya hedhi mwanamke anachomwa homoni kila jioni, kwa kawaida siku 8 hadi 12, ili mayai kadhaa yakue kwa pamoja badala ya moja. Ikifika siku ya tano au ya sita ya sindano, inaongezwa nyingine ya kila siku inayozuia mayai yasitoke kabla ya wakati. Vipimo vya ultrasaundi vikionyesha vifuko vinavyobeba mayai vimefikia ukubwa unaotakiwa, inakuja sindano ya mwisho, ambayo kliniki nyingi huiita triga. Hiyo ni ya mara moja, kwa saa iliyopangwa, na mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baada yake. Karibu zote huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, kwa sindano fupi na nyembamba.

Nitazilinganisha njia tatu kwa vigezo vinne: dozi kuingia yote kila siku, dawa kukaa kwenye ubaridi wake, siri na gharama, kisha saa ya triga. Hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho watu hukikumbuka mwisho, kwa hiyo nitakaa nacho zaidi.

Dozi kuingia yote

Hapa jibu linategemea umepewa dawa ya namna gani. Kalamu ya sindano, kama ile ya Gonal-F, inakuja na dawa ndani tayari. Unafunga sindano mpya, unazungusha kitasa hadi namba ya dozi yako, mathalani 225, unachoma tumboni pembeni ya kitovu, unabonyeza kitasa mpaka mwisho, kisha unaendelea kukishikilia angalau sekunde tano kabla ya kuchomoa. Dirisha dogo la namba lazima lirudi kwenye 0. Likisimama kwenye 75, maana yake kalamu imeisha njiani: zimeingia uniti 150, na 75 zilizobaki utazitoa kwenye kalamu mpya usiku huo huo. Kosa la kawaida ni kuchomoa mapema na kuona tone la dawa linabaki kwenye ncha au juu ya ngozi.

Kwa kalamu, mtu anayejichoma mwenyewe yuko vizuri kuliko anavyodhani. Akiinamisha kichwa analiona lile dirisha, anasikia kitasa kinavyogota, na hakuna anayemharakisha. Ugumu wake ni siku ya kwanza, mkono unapotetemeka na ngozi ikaguswa mara tatu bila kuchomwa. Mume, dada au mama akikuchoma, shida huwa kinyume: anaogopa kukuumiza, anaingiza polepole, na polepole ndiyo inayouma. Mwambie aingize kwa mkupuo mmoja, kisha dawa ndiyo aisukume taratibu. Muuguzi hana hofu hiyo hata kidogo, ila aliyezoea bomba la kawaida huenda hajawahi kushika kalamu. Anabonyeza, anachomoa, anakwambia tayari, na dirisha halikuangaliwa. Muuguzi wa dispensari asiyezijua dawa hizi anaweza pia kukupeleka moja kwa moja kwenye misuli ya makalio kwa mazoea. Hakikisha anaona maandishi ya kliniki yanayosema ni chini ya ngozi.

Dawa ya unga ni habari nyingine. Menopur ya uniti 75 inakuja kwenye vichupa. Aliyeandikiwa 225 anatumia maji yale yale ya mililita moja: anayaingiza kichupa cha kwanza, anakizungusha taratibu bila kukitikisa mpaka unga uyeyuke, anavuta, anapeleka kichupa cha pili, halafu cha tatu. Kisha anaondoa sindano nene ya kuchanganyia, anaweka nyembamba ya kuchomea, anatoa hewa. Hapo muuguzi anafanya kwa dakika mbili kinachoweza kumchukua mgeni robo saa, na nusu tone halipotei. Mtu wa ndani mwenye mikono iliyotulia anajifunza pia, tena mara nyingi vizuri kuliko mwenye tumbo, kwa kuwa yeye hana wasiwasi wa kuchomwa. Anayejichoma anaweza, lakini aombe aonyeshwe na kliniki kisha afanye mwenyewe mbele yao. Kutazama tu hakutoshi.

Dozi ikikosekana, njia zote tatu zina jibu moja: piga simu kliniki. Usiongeze maradufu kesho yake ili kufidia.

Ubaridi

Kalamu nyingi zisizofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Gonal-F inaruhusiwa kukaa nje hadi miezi mitatu, lakini kwa nyuzi zisizozidi 25. Menopur haihitaji friji, na yenyewe mwisho wake ni nyuzi 25. Sasa fikiria chumba cha Tanga au Dar es Salaam mwezi wa pili. Kwa mtu wa pwani ruhusa ya kukaa nje ipo kwenye karatasi tu, kwa hiyo dawa irudi kwenye friji. Iwekwe katikati, mbali na sehemu ya barafu, maana dawa iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Anayejichoma au kuchomwa na mtu wa nyumbani anashinda kigezo hiki bila ushindani: dawa inatoka kwenye friji, inakaa nje dakika chache ili isiume kwa baridi, inachomwa, inarudi. Umeme ukikatika, friji lisifunguliwe funguliwe. Lililofungwa linahifadhi baridi kwa saa kadhaa. Anayekwenda dispensari kila jioni anaibeba dawa juani na kwenye foleni, hivyo anahitaji chupa ya chai au kiboksi chenye barafu, na dawa iviringishwe kitambaa isigusane nayo. Muuguzi anayekuja nyumbani anaondoa tatizo hilo.

Siri na gharama

Kwenye nyumba ya kupanga, wakwe upande huu na mawifi upande ule, watu wengi hawataki ijulikane. Kujichoma ndiyo njia ya siri kuliko zote, na haina malipo. Mtu wa ndani anaongeza mwenye kujua mmoja, na kama ni mume, wengine husema ndiyo mara ya kwanza aliiona safari hii kuwa yake pia. Lakini kama mume anasafiri kikazi, au ndiye mnayegombana naye wiki hii, usiku wa sindano unageuka mzigo. Muuguzi analipwa kwa kila sindano, pamoja na bodaboda, na dispensari ya mtaani ina macho. Jirani akikuona pale jioni nane mfululizo, atakuja na dawa yake ya kikohozi.

Sindano zilizotumika zikusanywe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na zirudishwe kliniki. Kwa muuguzi hilo ni lake. Kwa njia mbili nyingine ni lako.

Saa ya triga

Sindano za kila siku zina nafasi ya kupumua. Ukichelewa saa moja, mara nyingi hakuna kilichoharibika, ingawa kliniki itataka ujitahidi saa ile ile. Triga haina nafasi hiyo, na sababu yake inaeleweka kirahisi. Triga inayaamuru mayai yamalize hatua ya mwisho ya kukomaa na yaanze kulegea kutoka kwenye kuta za vifuko vyake. Yakivunwa mapema mno, mengi yanakuwa bado machanga au yameng'ang'ania ukutani. Yakichelewa, vifuko vinapasuka vyenyewe, na daktari anakuta maji bila yai. Ndiyo maana chumba cha upasuaji hupangwa kwanza, kisha saa ya triga inahesabiwa kurudi nyuma.

Tuchukue mfano. Rehema anakaa Morogoro, kliniki iko Dar es Salaam. Mayai yatavunwa Ijumaa saa nne na nusu asubuhi, na kliniki inataka saa 36. Rudi nyuma saa 24, uko Alhamisi saa nne na nusu asubuhi. Rudi tena 12, uko Jumatano saa nne na nusu usiku. Hesabu ya saa 36 ina uzuri wake: namba ya saa inabaki ile ile, asubuhi inageuka usiku, na siku inarudi mbili. Kwa kliniki inayotumia saa 35, ingekuwa saa tano na nusu usiku.

Karatasi aliyopewa imeandikwa 10:30 PM. Mume anaisoma kwa sauti, "saa kumi na nusu." Hapo ndipo mambo huharibika kimya kimya. Wakichoma saa kumi na nusu jioni ya Jumatano, Ijumaa asubuhi itakuwa imepita saa 42, na mayai yanaweza kuwa yameshatoka. Wakielewa ni saa kumi na nusu alfajiri ya kuamkia Alhamisi, itakuwa saa 30 tu, na mayai hayajaiva. Hakuna kitakachouma wala kuonyesha kosa usiku ule.

Siku nayo ina mtego. Pwani mtu akisema usiku wa Alhamisi, mwingine anaelewa usiku wa kuamkia Alhamisi, mwingine usiku unaofuata baada ya mchana wa Alhamisi. Tofauti ni saa 24. Triga ikipangwa saa sita na nusu usiku, karatasi itaandika tarehe ya siku inayofuata, na wengi huisubiri usiku mzima zaidi. Kwa hiyo andikeni hivi, kwa mkono, kubwa: Jumatano kuamkia Alhamisi, saa nne na nusu usiku, 22:30. Kisha mpigie muuguzi wa kliniki umsomee naye akubali. Simu iwekewe kengele ya 22:30, na nyingine ya 22:00 ya kutoa dawa kwenye friji.

Jambo la pili ni kujua unachoma nini. Triga ziko za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni homoni ya ujauzito yenyewe, kama Ovitrelle ya mikrogramu 250 iliyojazwa tayari, au unga wa uniti 5,000 au 10,000 wa kuchanganya. Ya pili ni dawa kama triptorelini, inayoichochea tezi ya ubongoni itoe homoni yake yenyewe. Hii hupendelewa kwa mwanamke mwenye mayai mengi sana, kwa kuwa inapunguza hatari ya ovari kuvimba kupita kiasi na tumbo kujaa maji. Dozi yake ya miligramu 0.2 mara nyingi ni bomba mbili za 0.1. Zipo familia zilizochoma moja, zikaiweka ya pili kama akiba.

Jambo la tatu: ile sindano ya kuzuia mayai kutoka mapema haisimamishwi kwa kukisia. Kati ya dozi yake ya mwisho na triga zisipite saa 30. Rehema aliyekuwa akiichoma saa mbili asubuhi aulize kama Jumatano asubuhi bado anaichoma. Kwa kawaida jibu huwa ndiyo. Akiiruka kwa kudhani triga imechukua nafasi yake, mpaka saa nne na nusu usiku zitakuwa zimepita saa zaidi ya 38, na mwili unaweza kuyatoa mayai kabla ya ratiba.

Sasa njia zetu tatu. Anayejichoma ana faida moja kubwa usiku huo: hamsubiri mtu. Hakuna foleni, hakuna simu isiyopokelewa. Udhaifu wake ni kwamba hakuna jicho la pili. Amechoka, amevimba tumbo, amezoea kalamu ya kila siku, na ghafla anapewa bomba la namna nyingine asilowahi kulishika. Dawa yake ni kumwomba mtu akae naye kwenye simu, amsomee jina la boksi, dozi na saa, hata kama mtu huyo hajui kuchoma.

Mtu wa ndani analeta jicho hilo la pili tayari, na kwa maoni yangu hapa ndipo njia hii inapata alama nyingi. Mmoja anasoma, mwingine anachoma. Lakini nyote wawili mnaweza kusoma saa vibaya kwa pamoja, kama tulivyoona, na kama mchomaji ni mtu mmoja tu na amekwama barabarani saa nne usiku, hamna mbadala. Mwenye tumbo aijue sindano hiyo hata kama hajawahi kujichoma.

Muuguzi ana uhakika zaidi wa mkono, hasa triga ikiwa ya unga au ikiandikwa ya kwenye misuli, ambayo si ya kujifunzia usiku ule. Tatizo lake ni saa. Dispensari nyingi zimefunga wakati huo, na hospitali yenye zamu ya usiku inaweza kuwa na dharura, ukakaa benchi mpaka saa tano na robo. Muuguzi wa kuja nyumbani awekwe mapema, alipwe, na awe amefika nusu saa kabla. Asiyekubali kuja usiku aseme mapema, maana triga haisogezwi kumfuata muuguzi. Ukitaka isogezwe, ni kliniki pekee inayoweza, nayo itasogeza uvunaji.

Kosa likitokea, kwa njia yoyote, simu ipigwe usiku huo huo. Umechelewa dakika 40, umewahi saa nzima, dawa imemwagika nusu: sema saa kamili na kiasi. Mara nyingi wanaweza kusogeza uvunaji ulingane. Wakikukuta mezani Ijumaa bila kujua, hawana la kusogeza. Usichome dozi ya pili kwa uamuzi wako.

Baadhi ya kliniki hupima damu kesho yake kuona kama triga imefanya kazi. Kipimo cha mkojo cha ujauzito kitaonyesha mimba baada ya triga ya homoni ya ujauzito, na kinaweza kuendelea hivyo kwa siku kumi au zaidi. Hiyo ni dawa, bado si mimba. Kwa triptorelini kipimo hicho hakionyeshi kitu, na hilo lisikutishe.

Kwa hali yako

Una kalamu, dawa imeshajazwa, na unaishi na watu usiotaka wajue: kujichoma kunakufaa. Onyeshwa kliniki, choma ya kwanza mbele yao, na mtafute mtu mmoja wa kukusomea saa usiku wa triga.

Mikono yako inatetemeka mpaka dawa inamwagika, au ulizirai kwa sindano zamani, na nyumbani yupo mtu mtulivu anayerudi mapema: mwachie yeye. Aende nawe kliniki siku ya maelekezo, asisimuliwe.

Una unga wa vichupa vitatu, huna msaidizi, na muuguzi anayezijua dawa hizi yuko karibu: lipa muuguzi. Wapo pia wanaochanganya njia, muuguzi kwa siku mbili tatu za kwanza kisha wenyewe, na hiyo hupunguza gharama bila kupoteza mafunzo.

Una tatizo la damu kutoganda, au unatumia dawa za kuyeyusha damu: daktari aseme kwanza, kabla hujachagua lolote kati ya haya.

Unakaa mbali na kliniki kama Rehema: usipange kuwa kwenye basi usiku wa triga, na usiitie dawa kwenye begi la buti la gari. Fika Dar es Salaam Jumatano mchana, au choma Morogoro na usafiri Alhamisi. Popote utakapolala, uliza friji kabla ya kulipia chumba. Na baada ya triga, pia baada ya uvunaji, tumbo likijaa haraka, uzito ukipanda kwa siku moja mbili, pumzi ikawa fupi au mkojo ukapungua, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu na uwapigie kliniki ukiwa njiani.